Mstari Ulioishia Mkononi

Nilikuwa nimeacha kazi ya ofisini Nairobi, nikahamia kwa dada yangu mkubwa huko Membley. Yeye ni mchoraji, mimi hutengeneza tovuti. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mkunga aliyekuwa akifungua kliniki ya kina mama karibu na Kamakis. Dada alimchorea nembo ya mstari mmoja usiokatika: unaanzia utosini mwa mama, unashuka mgongoni, unazunguka mkono, na mwisho unamchora mtoto aliyebebwa. Mkunga akataka mstari huo ujichore wenyewe kwenye tovuti yake, watu wakitazama.

Si uchawi. Unauambia mstari uwe wa vipande: kipande kimoja chenye urefu wa nembo nzima, kisha pengo refu zaidi. Unausogeza mpangilio huo mpaka pengo liangukie nembo yote, kisionekane kitu. Halafu unaurudisha polepole hadi sifuri. Kipande kinaingia, na macho yanaona kalamu ikichora. Kipimo cha kusogeza huitwa stroke-dashoffset. Niliiuliza kompyuta urefu wa mstari mzima, ikanipa, nikautumia.

Kwenye kompyuta yangu ilipendeza. Lakini mkunga akapiga simu.

"Hapa kwa simu yangu inakimbia sana. Huyo mama anafukuzwa na nani?"

Nikaongeza sekunde, akaridhika. Mimi sikuridhika. Kwenye simu mstari ulikuwa ukifika mwisho kabla ya muda niliouwekea, kisha unakaa tu. Kwa nini? Nilizunguka sebuleni na simu mkononi hadi dada akaniambia nikae chini au nitoke nje.

Siku ya uzinduzi tulikodi ukumbi Thika. Asubuhi, viti vikiwa bado vinapangwa, niliwasha projekta. Nembo ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango. Mstari ukashuka mgongoni, ukaingia kwenye mkono, ukasimama hapo. Nikasubiri. Nikaanza upya. Ukasimama palepale: mama ameinamia mikono mitupu.

Mkunga alikuwa nyuma yangu.

"Na mtoto ako wapi?"

"Anakuja, mama. Ni hitilafu ndogo tu."

Hakupaza sauti. Alisogea karibu na kunionyesha kiti cha mbele.

"Hapo ataketi mama mmoja niliyemhudumia. Kujifungua kwake hakukuenda vizuri. Nimemwomba mwenyewe aje, na amekubali. Tafadhali usimwonyeshe hiyo."

Nilibadilisha sekunde, nikazirudisha. Nikafungua kivinjari kingine, yaleyale. Nje magari yalianza kuegeshwa.

"Wewe, hebu tulia," dada akasema. "Kwa simu inakimbia, kwa ukuta haifiki. Si ni ukubwa tu umebadilika?"

Hapo nikaona. Dada alikuwa amesisitiza mstari ubaki mwembamba uleule kwenye kila skrini, nami nikaweka amri ya kuuzuia usinenepe nembo ikikuzwa. Amri hiyo hufanya vipande vipimwe kwa vipimo vya skrini, ilhali urefu niliopewa ni wa mchoro wenyewe. Kwenye simu nembo imepungua, kwa hiyo kipande kilikuwa kirefu kupita kiasi na kikamaliza mchoro mapema. Ukutani nembo imekuzwa, kipande kikawa kifupi. Kilipokwisha, pengo likaanza, na mtoto alikuwa ndani ya pengo.

"Lazima niitoe ile amri yako ya wembamba," nikasema.

"Utaniharibia mchoro."

"Dada."

Alitazama ukuta, kisha mlango, ambapo wanawake watatu walikuwa wakisalimiana na mkunga.

"Toa. Lakini punguza unene wa kalamu kwa hii ya ukutani."

Nikatoa, nikapunguza, nikaanza upya. Mstari ukashuka, ukazunguka mkono, ukaendelea. Ukachora kisogo kidogo, shavu, mguu uliokunjwa. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hadi dada akanishika mkono.

Wakati ulipofika, niliuwasha mstari. Sikutazama ukutani. Nilimtazama mwanamke wa kiti cha mbele. Aliufuata mstari kwa macho, kidevu kikipanda na kushuka nao. Mtoto alipokamilika, alivuta pumzi, akaegemea kiti. Hakupiga makofi na wengine. Mkunga akaenda kuketi kando yake, na hotuba ikangoja kidogo.

Baadaye sahani za pilau zilipopitishwa, sikuweza kula. Nilitoka nikasimama kati ya magari, nikaifungua tovuti kwenye simu yangu. Kisha nikamwomba dereva mmoja simu yake, iliyokuwa ndogo zaidi, nikaifungua humo pia.

"Unatafuta nini, boss?" akauliza.

"Naangalia tu kama inafika mwisho."

Tukainamia kioo cha simu pamoja, tukangoja.