Mashine Iliyotangaza Kitenge cha Aline

Kwenye kibao cha bureau yangu, ofisi ndogo hapa Baraka, nimeandika "Élie, Ingénieur Informatique". Cheo hicho nilijipa mwenyewe, rangi ilipokuwa bado ipo kwenye kopo. Nina umri wa miaka thelathini na moja, nina kompyuta moja, na kwa miaka mitatu nilikuwa nampenda Aline, mshonaji wa Mama Dorothée, bila kumwambia. Nilijipangia kwamba kazi kubwa ikifaulu, nitasema.

Kazi kubwa ikaja. Mama Dorothée huuza vitenge mtandaoni, mpaka Uvira na Kalemie. Alichoka kuandika kila kitu mara mbili: aingize kitenge dukani, kisha akakitangaze upya kwenye ukurasa wake wa Facebook. Alitaka ukurasa ujiandikie wenyewe. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba hiyo inaitwa webhook, na nikaomba siku tatu.

Kwa kweli ni jambo dogo. Unaliambia duka: kila bidhaa mpya ikiundwa, peleka habari zake kwenye anwani hii. Kwenye anwani hiyo niliweka programu yangu, ambayo huhakikisha neno la siri ili mtu mwingine asije akaidanganya, huchukua jina, bei na picha, kisha huandika tangazo. Mwanzo wa tangazo niliutunga mwenyewe: "Mpya dukani!" Mwisho wake pia: "Wahi kabla haijaisha!" Nilijiona mshairi.

Nilijaribu kwa kitenge cha uongo kwenye ukurasa wangu binafsi. Ujumbe ulifika na kila kitu ndani yake, hata sehemu inayosema kama bidhaa imeshachapishwa au bado ni rasimu. Niliiona sehemu hiyo. Nikaona hainihusu, nikaunganisha ukurasa wa Mama Dorothée na kwenda kunywa chai.

Alhamisi mchana simu ikalia: tangazo la kwanza la kweli. Nikatazama picha, imekaa vizuri. Bei sawa. Nikafurahi, na nikajipigia makofi kabisa, peke yangu. Ndipo nikasoma jina: "Mpya dukani! Kitenge ya dot ya Aline, vipande ishirini. Wahi kabla haijaisha!"

Dot ni mahari: Aline alikuwa anaolewa, na watu elfu nne walipata habari ile pamoja na mimi. Mama Dorothée alikuwa amekihifadhi kitenge hicho kama rasimu, ili ajue tu vipande vimetengwa kwa wanawake wa familia. Lakini kwa duka letu rasimu nayo ni bidhaa iliyoundwa, na webhook yangu ikaondoka mbio.

Nilifuta tangazo. Moyo uliniuma, lakini kulikuwa na mtu wa kuumia zaidi. Wajomba wa Aline kule Lubondja walikuwa hawajaarifiwa kuhusu uchumba wake na kijana wa Kazimia, na kwetu kitenge hakichaguliwi kabla mjomba hajasikia. Mkubwa wao, Papa Jacques, alikuwa ametumiwa picha ya tangazo na amesema kama ni hivyo, dot haitapokelewa. Aline alikuja bureau, macho mekundu.

"Twende umueleze mwenyewe," akaniambia. "Mi nikisema ni mashine, ataona namudanganya."

Kabla ya kuondoka nilirekebisha programu: kama bidhaa haijachapishwa, nyamaza, na ikichapishwa baadaye, tangaza mara moja tu. Ilinichukua dakika ishirini. Niliona haya kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Pikipiki mbili zikatupeleka Lubondja. Papa Jacques alitupokea uani, hakutupa viti. Nikaeleza rasimu, nikaeleza webhook, nikaona haingii. Basi nikaacha kompyuta, nikaeleza habari za Aline. Nikasema huyu hawezi kumruka mjomba wake. Kwamba duka zima linajua jinsi anavyowataja watu wa Lubondja kwa heshima. Kwamba kitambaa cha mteja maskini hukishona kwa uangalifu uleule wa kitambaa cha bibi arusi. Nilisema mengi. Miaka mitatu ya maneno ilitoka pale uani, mbele ya kuku.

Papa Jacques akaagiza viti. Alitazama chini kidogo, kisha akanishika mkono.

"Nimesamehe. Bakuye balete dot. Mutoto wetu amepata bwana mwenye anamujua."

Aline alikuwa ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia uani. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Hapana, Papa," nikasema. "Bwana yake iko Kazimia. Mi ni ule wa mashine."