Mzee Apite Wapi

Mwalimu Kipenga alipewa jina hilo na wanafunzi kwa sababu ya sauti yake; akisema "nyamazeni" darasa la nne, hata darasa la saba lilinyamaza. Alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu, na alikuwa na hamu moja tu: kufundisha somo la mfano mbele ya walimu wa shule jirani. Hamu hiyo alikuwa nayo tangu ujana, na kila mwaka kazi hiyo ilichukuliwa na mwingine. Safari hii akaiomba mwenyewe, tena kwa sauti ileile.

Mtaala ulisema: mwanafunzi aweze kutoa maelekezo yanayoeleweka ya kufika mahali. Mwalimu Kipenga akaandika andalio lake la somo chapuchapu. Shughuli: wanafunzi watasikiliza maelezo. Ushahidi: wanafunzi wameelewa.

Mwalimu wa taaluma, msimamizi wa masomo shuleni, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho, akalisoma akajikuna kichwa.

"Mama, huko kuelewa kutaonekana wapi? Kwenye macho yao?"

"Mwanangu, mimi nawajua watoto wangu."

"Unawajua, sawa. Lakini mtaala unasema watoe maelekezo. Hapa anayetoa ni wewe peke yako."

Ilimuuma, maana ilikuwa kweli. Akalibadilisha. Sasa mtoto mmoja angeelekeza, mwenzake angetembea, na ushahidi ungekuwa mwenzake kufika. Siku ya majaribio mwalimu wa taaluma akaja kutazama. Wa kwanza alikuwa Kasuku, mtoto asiyefunga mdomo hata akilala.

"Nenda stoo ya mipira! Unaenda pale, unakata kule..."

Mwenzake alikuwa keshafika stoo, anapunga mkono. Wakafuata wengine, wote wakafika. Mwalimu Kipenga akaweka alama za "amemudu" mstari mzima, huku amejaa tabasamu.

"Mama, wamefikishwa na maelekezo au na mazoea?" akauliza mwalimu wa taaluma. "Hao hata wangeambiwa kwa kupiga chafya wangefika. Nikiruhusu hili, wageni watatucheka. Kama haliwezekani, tumpe mwingine."

Mwalimu Kipenga akanywea. Akachukua ufutio akazifuta alama zote, moja moja, na moyo ukamuuma kwa kila moja. Alihitaji mtu asiyeijua shule. Akakumbuka kwamba anaye, tena nyumbani kwake. Mumewe, dereva mstaafu, alimshusha getini miaka nenda miaka rudi na hakuwahi kukanyaga ndani. Akampigia simu.

"Baba watoto, njoo getini. Ufanye utakaloambiwa, usiongeze lako."

"Leo tu, au ndiyo maisha yangu yalivyo?" mzee akajibu, lakini alikuja.

Kazi ya Kasuku ilikuwa kumfikisha mzee darasa la nne. Akasimama mbele yake pale getini, darasa likiwa pembeni, akamtazama usoni. "Babu, nenda pale, kata kulia, utaona!" Mzee akaenda pale palipoelekea kidole, akakata kulia kwake, akatokea nyuma ya jiko, kuku wakamtawanyikia miguuni. Akasimama hapo kama gari lililozimika. Darasa zima likaangua kicheko.

Kasuku hakucheka. Mwalimu Kipenga alitaka kumnong'oneza, neno likamfika ulimini, akaling'ata. Angelisema, ushahidi ungekuwa wake, si wa mtoto.

Mzee akarudishwa getini. Safari hii Kasuku hakusimama mbele yake. Alisogea ubavuni mwake, akatazama anakotazama mzee, akakaa kimya kwanza. Kasuku, kimya!

"Babu, unaliona tenki jeusi la maji? Nenda mpaka ulifikie. Ukilifikia, geukia mkono wako wa kushoto. Utaona milango imepangana. Hesabu. Ingia wa tatu, una kitasa kilichong'oka."

Mzee akaondoka bila kuuliza neno. Tenki. Kushoto. Moja, mbili, tatu. Watoto walimfuata kwa mbali, wamejiziba midomo. Akaingia. Mwalimu wa taaluma akatikisa kichwa akicheka. "Mama, somo ni lako."

Mwalimu Kipenga aliweka alama moja tu siku ile, kwa Kasuku, na aliiweka bila wasiwasi.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye dawati la nyuma, magoti juu. Alitazama kuta zilizobandikwa kazi za watoto, ubao, meza yenye chaki zilizokatika.

"Mama watoto," akasema taratibu, "kumbe ulikuwa unakuja hapa."

Mwalimu Kipenga akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mbele ya darasa lile sauti haikutoka.