Fundi Asiyepatikana Jioni

Mafundi wenzake wa majokofu walimbandika jina la Nakuja, na lilimwuma kwa sababu alijitafutia mwenyewe. Mikutano yao ilikuwa Alhamisi saa moja jioni. Kila mwaliko alijibu "nakuja", halafu haji. Hakuwa mwongo. Mkewe muuguzi aliingia zamu ya usiku saa kumi na mbili, na binti yao wa miaka mitano alimeza dawa ya kifafa saa moja kamili, kisha akahitaji mtu wa kumwangalia anayejua la kufanya akianza kutetemeka. Fundi aliona haya kusema hayo mbele ya wanaume wenzake. Akabaki na "nakuja" yake.

Kazi za maana ziligawanywa jioni hizo, watu wakipeana namba. Sasa mteja wake mkubwa, mwenye bucha, alikuwa anafunga biashara mwisho wa mwezi. Asipopata mwingine, karakana yake ndogo ingefungwa pia. Kwa bahati chama chao cha mafundi kilikuwa kimeanza kikao cha mtandaoni, saa saba mchana, kila mtu na dakika mbili za kujieleza. Leo angekuwepo mhandisi wa hospitali anayetafuta fundi wa majokofu ya chanjo.

Shule zilikuwa zimefungwa, na mama mtoto alikuwa amelala baada ya zamu, kwa hiyo binti alikuwa naye kazini buchani, anachora ofisini.

"Mama, niangalizie huyu dakika kumi tu," alimwambia mwenye bucha. "Sitaki wasikie sauti ya mtoto. Akianza kutetemeka niite mara moja."

"Nenda baba, mbona jasho hivyo?"

Akatafuta mahali patulivu. Chumba cha baridi kilikuwa kimezimwa, kitupu. Akajifungia humo na simu yake, katikati ya kuta za bati pande zote. Miaka kumi na mitano fundi wa vyumba hivyo, na bado hofu ilimsahaulisha kitu ambacho hata mwanafunzi wake wa kwanza angemwambia: humo mtandao haupiti.

Alimsikia katibu akisema, "Sasa zamu ya..." Picha ikaganda.

Alisukuma mlango akatoka mbio hadi ofisini. Simu ilihangaika, ikazunguka, ikamrudisha kikaoni katikati ya kicheko.

"Nakuja ameondoka tena!" katibu alikuwa akisema. "Hata mchana hapatikani, jamani. Tuendelee."

"Nipo!" fundi alipiga kelele hadi binti akainua kichwa. "Katibu, nipo. Nilikuwa ndani ya chumba cha baridi."

Watu wakaangua kicheko zaidi. Binti, kuona baba kapaza sauti, akaja akamng'ang'ania mguu akaanza kulia. Ndivyo ilivyokuwa: kile alichokificha miaka miwili kikamlilia hadharani. Akambeba. Kamera ilikuwa wazi, na mikono haikutosha kuizima.

"Umebakiwa na dakika moja," katibu alisema.

Mhandisi, mwanamke mwenye miwani, akamkatiza. "Niachie hiyo dakika nimuulize mimi. Fundi, jokofu la chanjo limesoma chini ya sifuri. Unafanya nini?"

"Kwanza chanjo zihamie jokofu lililo sawa, ziandikwe zisitumike, wala zisitupwe mpaka anayehusika na chanjo aamue. Ndipo naweka kipimajoto changu kando ya chao. Sigusi kirekebishi cha joto kabla sijajua kipi kinasema kweli."

Mhandisi aliandika kitu. "Vizuri. Njoo kesho uyaone, saa kumi na mbili jioni, kliniki ikishafungwa."

Neno lilishafika ulimini, lile lile la siku zote. Akikataa, kazi inaenda kwa mwingine. Akikubali, anamwacha nani na mtoto?

"Jioni siwezi, dada," alisema. "Mama yake yuko zamu, na huyu ana dawa ya saa moja. Jioni zote siwezi. Asubuhi kuanzia saa mbili, nipigie hata kila siku."

Hakuna aliyecheka.

"Unanikumbuka?" mhandisi aliuliza. "Mwaka jana nilikupa nafasi hiyo hiyo kwa simu. Ukasema unakuja jioni. Nilisubiri mpaka mlinzi akafunga geti, nikampa mwingine. Kumbe ungeniambia tu! Hata asubuhi ingewezekana."

Alikuwa ameisahau simu ile, ilikuwa mojawapo tu ya nyingi. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Saa mbili asubuhi kesho, basi," mhandisi akasema. "Mlango wa nyuma, uulizie bohari."

Alishukuru, kikao kikaendelea kwa mwingine. Fundi aliketi juu ya kreti, binti mapajani, akaanza kuhesabu kwa vidole jioni zote alizosema anakuja, na watu waliomsubiri. Vidole vikamwishia.