Nyapara Aliyekula Kwanza

Mimi udadisi nimezaliwa nao. Mama alipenda kusema kwamba siku niliyozaliwa nilimtazama mkunga kama ninayetaka kumuuliza kwao ni wapi. Kwa hiyo yule nyapara alipoingia uani kwetu Iyula, Mbozi, kwa mara ya kwanza, miaka michache baada ya Uhuru, mimi ndiye niliyeacha mtwangio ndani ya kinu nikaenda kumkodolea macho.

Alikuwa anatafuta vibarua wa kiwanda cha matofali ya kuchoma kule Tunduma. Mwenye kiwanda, tuliyezoea kumwita tajiri, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani. Nyapara mwenyewe alikuwa mtu wa Chapwa, mnene, mcheshi, kofia haimtoki kichwani. Baba alitaka kujua mara moja kazi hiyo inalipa kiasi gani.

"Mzee wangu," nyapara akasema, "mambo ya kazi hayazungumzwi na njaa. Jikoni hakuna chochote?"

Jamani! Mtu hata hujamjua, anaulizia jikoni. Lakini mgeni ni mgeni. Akakaa na baba pamoja na kaka zangu wawili na wadogo zangu wawili wa kiume, wote wakala kwenye sinia moja. Ilikuwa ugali na majani ya maboga yasiyo na tone la mafuta. Mama akapiga magoti kama ilivyo desturi, akasema, "Utusamehe sana mgeni, hiki ni kidogo. Sisi tuko wengi na shamba ni lile lile."

Ndivyo tulivyolelewa. Hata ukichinja ng'ombe mzima, lazima umwombe mgeni radhi, la sivyo unaonekana una majivuno. Ila siku ile mama hakuwa anafanya adabu tu, alikuwa anasema kweli tupu.

Nyapara akala taratibu, macho yakizunguka. Alipomaliza akaomba aonyeshwe shamba. Kaka zangu na wadogo zangu walikuwa wamerudi kwenye palizi ya kahawa, na kipande chenyewe kilikuwa cha watu wawili. Mmoja akiinamisha jembe, mwingine ameegemea la kwake anapiga soga. Nyapara akatazama, akatikisa kichwa, kisha ndipo akataja mshahara. Ulikuwa sawasawa na kile mtu alichokuwa anakula nyumbani, ukiongezea sabuni, chumvi na kitu kidogo cha kumfanya akubali kumwacha mama yake. Baba aliguna, lakini wale wawili wakubwa wakafunga mablanketi wakaenda.

Mwaka ule nikasubiri tuone njaa. Mikono miwili imara imeondoka shambani, mavuno yatapungua tu! Wapi. Ghala likajaa vile vile, na kahawa ikachumwa yote. Nikamfuata baba, "Baba, wawili wameondoka, mbona mahindi ni yale yale?"

Aliudhika kwanza, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Walikuwa wanapaliliana wenyewe kwa wenyewe," akasema.

Lile jibu lilinikaa kichwani. Kumbe watu wanaweza kula kwenye shamba bila shamba kuwahitaji. Tena sinia ile ile sasa ilikuwa na mikono michache, na kila aliyebaki akapata tonge kubwa zaidi.

Baadaye nikaenda Tunduma mwenyewe, kuwapikia vibarua wa kiwandani chakula cha kuuza. Huko nikakuta yule wa pili kati ya kaka zangu hana raha. Alikuwa amempenda binti wa Ibaba, kule Ileje, na binti naye amempenda. Tatizo ni baba wa binti. "Mwanangu hatalala kwenye banda la wanaume," alisema, na hakuwa na makosa. Vibarua walilala bandani kwa mstari, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Kaka alihitaji chumba chenye mlango wake, na kwa mshahara ule chumba kilikuwa ndoto. Mshahara ulimlisha mtu mmoja, basi. Kisha tukasikia kuna dereva wa lori anapita pita kwa wakwe. Baba mtu akatuma ujumbe kwamba atavumilia lakini si mpaka uzee.

Nilimwonea huruma kaka yangu, na nilikasirika. Maana kiwanda chenyewe kilikuwa kinanenepa mbele ya macho yetu! Malori ya kwenda Zambia yalipita, nyumba za Tunduma zilichomoza kila upande, na tajiri aliyeanza na tanuri moja akajenga la pili, akajenga la tatu, akanunua na lori. Mshahara haukusogea hata unywele. Kima cha chini cha serikali tulikisikia redioni tu, sisi watu wa vibarua.

Kaka akajikaza akaenda kuomba nyongeza. Nyapara hakufoka wala nini. Alimshika bega akamgeuza kuelekea langoni, ambako wanaume walikuwa wamekaa juu ya mablanketi yao.

"Wale wanasubiri nini?"

"Kazi," kaka akajibu.

"Kwa mshahara gani?"

"Huu huu."

"Basi umejijibu, ndugu yangu."

Nyapara alipokuja kwangu kula mchana, nikamwekea sahani kwa kishindo. "Na faida yote hii inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Ile pale." Akanyoosha kidole chenye mchuzi kwenye tanuri la tatu. "Faida ya mwaka jana ndiyo tanuri la mwaka huu. Tanuri jipya linataka watu wapya, nami naenda kuwachukua kwa bei ile ile. Wakiwa bado wapo, tajiri atapandisha mshahara kwa sababu gani? Kwa uzuri wa sura zenu?"

"Na wewe, kwa nini ukifika kwa watu unaanza kula?"

Akatabasamu. "Mshahara haupikwi Tunduma, dada. Unapikwa kwa mama yako."

Loo! Nikamkumbuka mama kwenye magoti, utusamehe mgeni, hiki ni kidogo. Nikaamini kabisa kwamba adabu ya mama ndiyo iliyotushushia mshahara, na nikaapa kwamba yule mtu akitia tena mguu Iyula atakiona.

Haikupita miaka mingi. Mdogo wetu mmoja naye alikwishakuja matofalini. Kisha reli ya kwenda Zambia ikaanza kujengwa ikameza vijana wa pande zote, wa Ileje na wa Mbozi. Langoni pa kiwanda pakapungua watu, siku nyingine pakawa na mbuzi tu. Mahindi sokoni yakapanda bei kwa sababu walaji waliongezeka mjini na wakulima wakapungua. Nikapunguza ugali kwenye sahani, vibarua wakanitukana kwa Kiswahili, Kinyiha na Kibemba. Nilijua bila kuambiwa kwamba kuna kitu kimebadilika, ila sikujua ni nini.

Msimu wa kuchuma kahawa nikarudi nyumbani kusaidia. Hapo nikaona. Shambani walibaki baba, mama na kitinda mimba wetu, ambaye sasa alikuwa mwanaume wa kutosha na mkaidi kama punda. Wachumaji hawakutosha. Buni zilikuwa zimeiva, nyingine zimekauka mtini, nyingine ziko chini. Mama alishika kiuno kila akiinuka.

Siku hizo hizo nikaiona kofia ya nyapara ikija barabarani.

Nikakimbilia jikoni. "Mama, leo kuku anachinjwa, na usiombe radhi! Hata neno moja!"

"We mtoto! Nitamkaribishaje mgeni bila kumwomba radhi? Si nitaonekana nina kiburi?"

"Onekana! Kiburi kinalipwa."

Akanitazama kama nimepagawa, lakini akanikubalia. Alipoweka sinia alibana midomo mpaka nikaogopa atapasuka. Mimi nikaanza kujigamba kwa niaba yake. Siku hizi tunakula nyama, siku hizi chai ni ya sukari, hapa hatujui shida. Nyapara alitafuna paja la kuku akinisikiliza, kisha akacheka.

"Dada, usijichoshe. Mara ile hata mama angeniambia mnakula pilau, ningetazama mikono kwenye sinia na vijana walioegemea majembe. Leo hata angelia machozi, nimeshaona kahawa iko chini. Maneno si kitu. Natazama kama mtu akiondoka atakosekana."

Nilinywea. Miaka yote hiyo namlaumu mama yangu bure!

Nyapara akamgeukia kitinda mimba, akataja mshahara ule ule wa zamani. Mdogo wangu akanawa mikono bila haraka. "Hapa nakula hivi unavyokula wewe," akasema. "Na nikiondoka kahawa inaoza. Nije nilale kwenye banda kwa kitu kile kile ninachokula hapa? Siji."

Baba, yeye aliyewaacha wengine waende kwa kuguna tu, safari hii akasema kwa sauti, "Huyu akitoka, mimi nimekwisha."

Nyapara akaongeza kidogo. Mdogo wangu akatikisa kichwa. Nyapara akaaga, akaingia kwa jirani, akatoka, akaingia kwa mwingine. Jioni alipita tena kwetu peke yake. "Leo nimekunywa chai ya sukari Iyula nzima," akasema, "na sikupata hata kijana mmoja." Sikuwahi kumwona amevua kofia, ila siku ile aliivua akajipepea.

Tajiri hakukubali kirahisi. Alinuna, akaacha tanuri moja lipoe. Lakini oda zilikuwepo na tanuri lililopoa halilipi mtu. Mwishowe ukatangazwa mshahara mpya, na ukawa wa wote, kwa sababu mgeni akilipwa zaidi kuliko mwenyeji, mwenyeji naye anachukua blanketi lake anakwenda relini. Niliporudi Tunduma nilimkuta yule kaka yangu mwenye mchumba nyuma ya jiko langu amekaa chini, analia na kucheka kwa pamoja. Wiki hiyo hiyo akakodi chumba. Alinipeleka kukiona, na mlango aliufungua na kuufunga mara nyingi kama mtoto. Yule dereva hatukumsikia tena.

Sherehe ya kumpokea bibi harusi ilifanyika kwetu Iyula. Wakati wa kula, kwa desturi, maji ya kunawa yanaanzia kwa wakubwa. Kaka yangu akachukua birika mwenyewe, akawapita wajomba, akampita hata baba mkwe, akainama mbele ya kitinda mimba. Watu wakaguna. Mdogo wangu akarudisha mikono nyuma kwa aibu.

"Kaka, mimi sikukufanyia kitu. Nilikataa kwa ajili yangu."

"Najua," kaka akasema. "Nawa."

Akanawa. Kisha sinia zikaletwa, na mama akapiga magoti mbele ya wageni. Nyapara alikuwa miongoni mwao, ameketi karibu na nyama, bila shaka. Mama akafungua kinywa, "Mtusamehe sana wageni wetu, hiki ni ki..."

Akasita. Akamtazama nyapara. Akawatazama watoto wake, waliokuja kutoka mjini na yule aliyebaki. Akainuka, magoti yakilia, akasimama wima.

"Kuleni," akasema. "Kipo."