Musnad, Sunan na Talaka ya Mama

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia nchini, vitabu navyo viliingia. Mitumba ilitangulia, zikafuata redio kaseti na sabuni za kila rangi, na siku moja msikiti wetu wa Temeke ukapokea maboksi ya vitabu vya hadithi za Mtume kutoka kwa wafadhili wa Uarabuni. Sisi wasichana wa darsa la baada ya alasiri tuliyasikia tu yakishushwa. Kabati la vitabu lilikuwa upande wa wanaume, na sisi tulikaa nyuma ya pazia. Kitabu ukikitaka unakiomba, kinapitishwa chini ya pazia, na ukimaliza unakirudisha kwa njia hiyo hiyo kama sahani ya chakula.

Shekhe wetu alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, na alifurahi siku ile kuliko nilivyopata kumsikia akifurahi. Alituambia maboksi yale yana vitabu vya namna mbili, na kila mwanafunzi achague ataanza kutafutia hadithi katika namna ipi. Sunan zimepangwa kwa milango ya sheria: tohara, swala, zaka, nikahi, talaka, biashara. Ukiwa na swali, unakwenda kwenye mlango wake na kukuta hadithi zake. Musnad haijali swali lako. Imepangwa kwa masahaba, kila mmoja na yote yaliyopokelewa kutoka kwake, kwa hiyo hadithi ya hija inaweza kukaa ubavuni mwa hadithi ya ndoto, na chini yake ikaja ya mnyama wa kuchinja. Usipomjua sahaba aliyesimulia, utafungua kurasa mpaka macho yaume.

Wenzangu karibu wote walichagua sunan. Mie nikachagua musnad, kwa ubishi wangu tu, maana ukinionyesha njia wanayopita wote, miguu yangu inakataa. Walinicheka sana. Walisema wao wamekwenda dukani, mie nimekwenda godauni. Dukani sukari imewekwa na sukari na unga umewekwa na unga. Godauni mzigo umewekwa kwa jina la aliyeuleta, na kilichomo ndani utajua mwenyewe ukifungua. Nilikasirika kwa sababu walisema kweli.

Nisingekumbuka hata siku hiyo kama si baba kumwacha mama.

Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja Chang'ombe. Kiwanda kikauzwa, wenye kiwanda wapya wakapunguza watu, na baba akarudi nyumbani na sanduku la vifaa vyake na aibu ambayo hakuna aliyempa. Mama akaanza kuuza mitumba. Akawa anatoka alfajiri kwenda kufungua balo na wenzake, anarudi jioni amechoka na ana hela, na baba anamngoja kibarazani. Hasira za mwanaume aliyekaa bure kutwa nzima nazijua harufu yake mpaka leo. Jioni moja, mama alipoingia uani na mzigo kichwani, baba alisimama mbele ya wapangaji wote akamwambia, "Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha." Mama akautua mzigo taratibu, akaingia ndani akavaa baibui, akaondoka kwenda Keko kwa kaka yake.

Mjomba wangu alikuwa seremala, na nyumba yake ilinuka vanishi mpaka kwenye chakula. Mama alipewa chumba cha nyuma, kati ya vitanda vilivyongoja wateja. Baada ya wiki moja baba alikuwa amekonda. Alikwenda kukaa ng'ambo ya barabara kutazama tu mlango wa mjomba. Akaniambia anataka mkewe arudi. Na mama, nilipompelekea salamu hizo, alijipaka hina kidole kimoja, halafu akaifuta haraka kama mwenye kuona haya.

Watu wa kwetu wote walikuwa na jibu moja: tatu ni tatu. Harudi, mpaka aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli, na huyo naye amwache au afe. Lakini kulikuwa na kaseti zikizunguka mitaani wakati ule, za mahubiri ya vijana, na kwenye kaseti moja nilisikia kwamba binamu yake Mtume, mtoto wa ami yake, amepokea kuwa zamani tatu za mkupuo zilihesabiwa moja. Ikiwa ni moja, baba alikuwa na haki ya kumrejea mama bila ndoa mpya, almuradi eda haijaisha. Miezi ilikuwa inapita na eda ya mama inakwenda. Hedhi ya pili ilikuwa imeshapita, na ya tatu ikianza tu, basi.

Sahaba nilimjua. Nilichohitaji ni kile kitabu nilichochekwa. Nikaomba juzuu ya sahaba yule ipitishwe chini ya pazia. Alikuwa mmoja wa waliosimulia mengi, na sehemu yake ilikuwa ndefu kupindukia. Nikasoma kila alasiri na kidole changu juu ya mstari, nikipita ihramu, nikipita swala ya usiku, nikipita tende na maziwa, nikitafuta neno moja tu, talaka. Wenzangu walikuwa wakifungua mlango wanaoutaka na kufunga. Mie nilikuwa nahema.

Nikaikuta. Mtu mmoja alimwacha mkewe tatu katika kikao kimoja, kisha akahuzunika juu yake huzuni kubwa. Mtume akamuuliza alimwachaje, na kama ilikuwa katika kikao kimoja. Akasema ndiyo. Akaambiwa hiyo ni moja tu, mrejee ukitaka. Nilisoma pale penye huzuni kubwa nikamwona baba amekaa ng'ambo ya barabara pale Keko, na nikalia mpaka wenzangu wakanyamaza. Hadithi ilikuwa peke yake, juu yake hapana kichwa cha habari, chini yake hapana maelezo. Niliipenda kwa hilo. Jioni nilikwenda moja kwa moja Keko na kumwambia mama kwamba kesho nampeleka baba kwa shekhe, na mama akaanza kufunga nguo zake kwenye kanga.

Shekhe alitusikiliza siku ya pili baada ya darsa, baba upande wake, mie nyuma ya pazia. Niliisoma hadithi yote kwa sauti, pamoja na isnadi yake, wapokezi wake jina kwa jina. Akanisifu. Kisha nikamsikia akiinuka kwenda kabatini na kurudi na sunan. Alinieleza bila haraka, na ningependa angekuwa mkali, maana ukali ningeupinga. Alisema mkusanyaji wa musnad kazi yake ilikuwa kuhifadhi yaliyopokelewa kutoka kwa kila sahaba, mengine madhubuti na mengine yana maneno, na hii ina maneno: mmoja wa wapokezi wake wanazuoni wametilia shaka anachopokea kutoka kwa mwalimu yule yule aliyetajwa baada yake. Mwandishi wa sunan alikikusanya kisa hicho hicho, lakini alikiweka kwenye milango. Mara moja alikiweka chini ya mlango unaosema kurejea baada ya tatu kulikuwako, kisha kukafutwa. Mara nyingine alikiweka kwenye mlango wa mwenye kumwacha mkewe kwa neno lisilotaja hesabu, na humo yule mtu hakusema tatu hata kidogo. Alisema neno la kukata, akaapa kwamba alikusudia moja. Na mwandishi akaongeza kwa mkono wake kuwa hii ndiyo sahihi zaidi, kwa sababu imepokelewa na watoto wa mtu yule mwenyewe, nao wanamjua baba yao zaidi.

Nilimuuliza kwa nini tufuate mlango aliouweka mtu, wakati hadithi yenyewe inajieleza. Akakiri kwamba wako wanazuoni wanaosema kama mie, na hakuwatukana. Kisha akasema, "Musnad inakuonyesha nani kasema, mwanangu. Sunan inakuonyesha waliotangulia walilifahamu vipi. Mie siwezi kumrudisha mke wa mtu kwa kitabu kimoja."

Nilidhani yamekwisha, lakini ule mlango wa pili ulikuwa umemfungulia shekhe swali. Alimgeukia baba. Alisema katika madhehebu yetu, mtu akilirudia neno mara tatu bila kutaja tatu, nia yake inaangaliwa. Akiwa alirudia kutilia nguvu lile la kwanza, kama mtu anavyosema toka, toka, toka, basi ni moja. Akiwa alikusudia kila moja isimame peke yake, ni tatu. Nia ya mtu hakuna mwingine aijuaye. Angemwapisha, na kiapo chake kingetosha.

"Usinijibu haraka," shekhe akamwambia.

Nilishika pazia kwa mikono miwili. Yule mtu wa zamani aliulizwa hivyo hivyo, na kitabu kizima kilikuwa kimekuja kusimama mbele ya baba yangu na kumwomba neno moja. Hakuna binadamu ambaye angempinga. Nilimwombea aseme alikuwa na hasira tu, aseme chochote, hata kama si kweli, Mungu anisamehe, nilimwombea hivyo ndani ya msikiti.

"Nilikuwa nahesabu, shekhe," baba akasema. "Nilihesabu mpaka tatu ili asiweze kurudi."

Shekhe alikohoa, akakifunga kitabu. Baba alianza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nimefundisha hadithi miaka mingi tangu siku hiyo. Kila mwaka wasichana wananiuliza waanze na kipi, na nawajibu inavyopasa: ukiwa na suala, fungua sunan; ukiwa na msimulizi na unataka kuona mapokezi yake yote, fungua musnad; ukitaka kusema neno juu ya ndoa ya mtu, fungua zote mbili na umwendee anayejua kuliko wewe. Ni jibu zuri na halijanifaa kitu.

Nilikwenda Keko peke yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda kisicho na godoro, furushi lake miguuni, amevaa baibui tayari. Mjomba alisimama mlangoni na randa mkononi. Niliwaeleza yote, musnad, sunan, swali na jibu. Mjomba akasema tuwaendee wale vijana wa kaseti, wao wanahesabu moja tu hata mtu awe kakusudia nini, na kesho dada yake atalala kwa mumewe. Nilimtazama mama kwa tamaa, kwa sababu mie mwenyewe ningekwenda.

"Kasema alihesabu?" mama akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Mie siku zote hizi nilidhani ni hasira," akasema.

Akavua baibui, akalifungua furushi, akaanza kuzipanga nguo zake juu ya vitanda vya wateja.