Ubao wa Mapokezi Siku Kalvati Lilipokatika

Miaka ile ya themanini nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na kila masika nilichoshwa na jambo moja: adabu zetu. Kwetu kumwambia mgeni "haiwezekani" ni sawa na kumtukana.

Asubuhi hiyo askari wa lango la chini waliita kwa redio. Maji yamebeba kalvati, lile bomba la zege chini ya barabara, upande wa Karatu; gari lisishuke. Magari ya kuja kuchukua wageni wengine nayo yamekwama Karatu. Nikaandika ubaoni, kwa Kiingereza changu cha shule: barabara imefungwa.

Meneja akafuta. "Dada, utawatisha wageni." Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba kutokana na mvua, tunawakaribisha wageni wetu wapendwa waendelee kufurahia ukarimu wa hoteli. Nilitamani kumpiga kwa kifutio.

Mzee mmoja Mjerumani, aliyekuwa na ndege jioni, akausoma na mkewe. Akanicheka usoni. Alidhani tunamuuzia kitanda cha usiku wa pili! Akamwita dereva wake apakie mizigo.

Dereva alikuwa anajua. Alikuwa amesimama karibu yangu redio ilipoita. Nikamvuta pembeni. "Kaka, si umesikia? Mwambie."

"Nimwambie nini? Bosi wangu Arusha ameshasema, mgeni akikosa ndege na mimi nikose kazi."

"Na ukitumbukia korongoni?"

Akainua begi. "Tutaangalia tukifika."

Tutaangalia! Barabara ile ya msituni ikinyesha ni tope jekundu lenye utelezi, hata kushuka kwa miguu unashika majani. Na tayari huyu anafunga kamba za turubai juu ya Landrova, mke wa mzee ameshakaa ndani, meneja anawapungia mkono akitabasamu. Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Nikasema heri lawama kuliko fedheha. Nikaung'oa ubao ukutani, nikatoka nao mvuani, nikafuta maneno ya meneja, nikaandika kwa Kiingereza kilekile, herufi kubwa, chaki ikilowana: BARABARA IMEKATIKA. HAKUNA GARI LINALOTOKA. BAKINI HAPA. ARUSHA TUTAIARIFU KWA REDIO KUHUSU NDEGE YENU. Nikausimamisha mbele ya kioo cha gari.

Mzee akasoma. Akashuka, amekasirika kweli, lakini si kwa sababu niliyoitarajia. "Kwa nini hamkusema hivi tangu asubuhi?" Akamsaidia mkewe kushuka. Meneja akaniambia tutaongea ofisini.

Nikaita ofisi yetu ya Arusha kwa redio, nikawaomba wapeleke habari uwanja wa ndege na kwa bosi wa dereva: hoteli ndiyo iliyozuia gari, si yeye. Nilipotoka, dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi, funguo mkononi.

"Ningekwenda, dada," alisema. "Wallahi, ningekwenda nao."