Kamba, Kiraka na Shemeji

Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuja karakana kwangu Palma akitokea Mute, tairi la gari lake limechomwa na msumari hukohuko.

"Tia kamba tu, shemeji, nazi zinaningoja."

Kamba ya nini! Ule uzi wa mpira unaziba tundu kutokea nje, ndani hujaona kitu. Kiraka cha ndani peke yake nacho huliacha tundu wazi, maji yakaingia yakala nyaya za chuma zilizomo tairini. Kiraka chenye shina la kupenya tunduni kinaziba kote, ila lazima tairi litoke kwenye rimu.

Nikalitoa. Ukamwagika unga mweusi: ubavu umesagika kwa kutembea bila upepo. Hapo hakuna cha kuziba tena.

Nikafoka, "Kule Mute fundi si yupo? Mbona hukusimama?"

Akanishangaa. "Kazi nimpe mtu baki, shemeji, na wewe upo?"